Mteja Asianze Kuona Picha Tamu

Wacha nikuambie kuhusu mkutano ulioniuma mwaka huu. Rafiki yangu, msanifu majengo aliyemaliza kozi tuliyoanza pamoja, alikuwa amepata kazi ya kuchora nyumba za kupangisha kule Ruiru. Mteja ni mama aliyestaafu ualimu. Ana ploti ya futi 50 kwa 100 na mkopo wa sacco. Mimi niliitwa kubeba modeli, maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha siku hizi. Sina cheti, sina leseni, lakini kadibodi na kisu najua kuvitumia.

Rafiki yangu aliwasha runinga ya ukutani akaanza na renda. Renda, kama hujawahi kuisikia, ni ile picha ya kompyuta inayoonyesha jengo kana kwamba tayari limejengwa. Yake ilikuwa ya saa moja jioni, taa zinawaka, gari la bei limeegeshwa, na langoni minazi miwili. Minazi, Ruiru! Mama alifurahi sana. Akauliza kama geti linaweza kupakwa maruni. Dakika 40 zikaishia kwenye geti na vigae. Ramani za ndani zilipitishwa mwishoni mbiombio na hakuna aliyezisoma. Modeli yangu haikutoka kwenye katoni. Tukapeana mikono, kila mtu akijua kazi imekubaliwa.

Siku tatu baadaye mama akapiga simu. Mwanawe alikuwa amekaa na zile ramani akahesabu milango. Nyumba zilikuwa 12. Jirani yake, mwenye ploti saizi ile ile, ana nyumba 15. Akamuuliza rafiki yangu, "Kijana wangu, mbona umeninyang'anya nyumba tatu?" Akasema kuna mtu mwingine amemwahidi zote 15, tena kwa bei ya chini.

Hapo ndipo nilipoamua kuandika haya. Najua wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mko chuoni mnachora, au mmemaliza na mnatafuta mteja wa kwanza. Maoni yangu ni haya: ukianza na picha tamu, umejinyima mkutano wenyewe. Mteja atapenda kitu ambacho hajakielewa, na siku atakayokielewa, hutakuwepo kumweleza. Renda iwe ya mwisho. Kabla yake kuna mambo yenye mpangilio wake, na mpangilio huo si mapambo.

Usidhani nakuhubiria kutoka juu. Mwaka wa tatu, kabla karo haijanishinda, nilisimama mbele ya jopo la wahadhiri wanne nikiwa na karatasi tisa ukutani. Nilizibandika kwa mpangilio niliozimaliza, yaani ya kwanza kuchora ndiyo iliyokuwa ya kwanza kushoto. Ramani ya chini nilikuwa nimeigeuza ili itoshe kwenye karatasi, kwa hivyo kaskazini ilikuwa chini, na kwenye ramani za juu ilikuwa juu. Nilipewa dakika 10. Saba nilizimaliza nikieleza jinsi mbuyu ulivyonipa wazo. Kisha mhadhiri mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Mlango uko wapi?" Mazee, nilianza kuutafuta kwenye mchoro wangu mwenyewe.

Sasa turudi kwa mama wa Ruiru, maana rafiki yangu aliomba mkutano wa pili na tukakaa usiku mbili kuupanga upya. Kwanza uelewe kwa nini nyumba zilikuwa 12.

Futi 50 kwa 100 ni kama mita 15 kwa 30. Upande mfupi umeelekea barabara, na pande mbili ndefu zimebanwa na majirani waliojenga kwenda juu. Ukiacha mita moja na nusu kila upande, unabaki na upana wa mita 12. Mchoro wa nyumba 15 unajaza nafasi hiyo yote kwa nyumba tano kila sakafu, sakafu tatu. Tatizo ni nyumba ya katikati. Haina mbele wala nyuma. Madirisha yake yote yanatazama ukuta wa jirani, na huyo mpangaji atawasha stima saa sita mchana. Rafiki yangu alikuwa ameiondoa nyumba hiyo ya katikati na kuacha ua wa mita 5 kati ya jengo la mbele na jengo la nyuma. Nyumba nne kila sakafu, kila moja ina dirisha la nje na dirisha la uani. Ni wazo zuri. Lakini mama hakuliona, kwa sababu renda ilipigwa kutoka barabarani, na kutoka barabarani ua hauonekani kabisa.

Kwa hivyo mkutano wa pili haukuwa na runinga. Tulichapisha michoro kwenye karatasi za A3 na tukakaa upande mmoja wa meza na mama. Jambo hili dogo lina maana kubwa. Runinga hugeuza mteja kuwa mtazamaji. Karatasi iliyo mezani anaiwekea kidole, anaigeuza, anarudi ya nyuma bila kukuomba ruhusa. Ukiwa mbele ya jopo chuoni ni tofauti kidogo, kwa sababu karatasi zote zinaonekana kwa mpigo mmoja na jicho la mtu linakimbilia kubwa zaidi. Hapo mpangilio unautengeneza kwa mahali: soma kutoka kushoto kwenda kulia, mchoro unaobeba wazo lako ukae usawa wa macho, na renda isiwe kubwa kuliko ramani.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ploti ilivyo leo. Hakuna jengo letu. Kuna barabara, kuta za majirani na urefu wake, mshale wa kaskazini, mahali maji ya mvua yanakopita. Mama aliitazama akasema, "Huu ukuta wa upande huu uko karibu hivi?" Angalia kilichotokea. Hatujamwonyesha wazo lolote, na tayari ameliona tatizo kwa macho yake. Wanaoanza na jibu hupata mteja asiyejua swali lilikuwa nini.

Karatasi ya pili ilikuwa ule mchoro wa nyumba 15, tena tuliuchora vizuri, bila kuuharibu makusudi. Wengi huogopa kuonyesha njia ambayo hawaipendi. Lakini mteja tayari anayo kichwani, jirani amemwonyesha. Usipoiweka mezani wewe, ataiweka mwanawe kwa simu.

Ya tatu ikawa ramani ya chini, kisha ramani ya sakafu za juu. Hapa kuna sheria ambazo ningezijua ningepita mwaka wa tatu nikitabasamu. Ramani zote zitazame upande mmoja na ziwe za kipimo kimoja, ili ukiweka moja juu ya nyingine ngazi ziingiane. Weka vitanda, kochi na jiko. Mtu asiyesomea michoro hasomi mistari. Anasoma kitanda, anajua hiki ni chumba. Na mweleze mara moja ramani ni nini: ni kama umekata nyumba kwa msumeno usawa wa kifua, ukatoa sehemu ya juu, ukachungulia ndani. Ukishasema hivyo, hata ile michoro ya duara kwenye mlango inaeleweka, kwamba ni alama ya mlango unavyofunguka.

Kisha ukaja mkato. Huu ni mchoro wa jengo lililokatwa kutoka juu hadi chini kama mkate, ukaona vyumba vilivyopangana ndani. Wanafunzi wengi huukata mahali rahisi kuchora. Nakusihi usifanye hivyo. Kata mahali penye hoja yako. Sisi tulikata kupitia katikati ya ua, tukaonyesha ngazi, dirisha la uani, na mwanga unavyoshuka hadi chini. Kwenye ramani tukachora mstari mwekundu kuonyesha kisu kilipita wapi, maana mkato usio na mstari huo unamwacha mtu akikisia.

Hapo ndipo modeli ilipotoka kwenye katoni. Si kabla.

Kuhusu modeli nina maneno, kwa sababu naona zikiharibiwa kila wiki. Mtu analipa pesa nzuri, modeli inawekwa pembeni kama keki ya harusi na hakuna anayeigusa. Modeli ambayo haiguswi ni picha ghali. Sisi tulikuwa na mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, kipimo cha moja kwa mia mbili, na kwa kipimo hicho ploti ya mama inatoshana na simu yako: sentimita saba na nusu kwa 15. Majirani walikuwa kadibodi ya katoni iliyogandishwa kwa gundi. Jengo la mama lilikuwa vipande vyeupe vinavyohamishika. Nilimkabidhi vile vipande nikamwambia, "Mama, tupange zote 15." Akavipanga. Akavitazama. Halafu mwenyewe akatoa kile cha katikati, akakishika mkononi, akanyamaza kidogo.

Ya pili ilikuwa kipimo cha moja kwa hamsini, ploti ya sentimita 30 kwa 60, kila sakafu ina urefu wa sentimita sita na inanyanyuka peke yake. Ndani nilisimamisha mtu wa karatasi wa sentimita tatu na nusu hivi. Usimsahau huyo mtu. Bila yeye hakuna anayejua chumba ni kikubwa au kidogo. Modeli niliiweka juu ya katoni ili ikaribie usawa wa macho ya mama akiwa ameketi. Ukiiweka chini mezani, mteja anaona paa tu, na hakuna mpangaji anayeishi akitazama paa lake kutoka angani. Pia niliigeuza ilale sawa na ramani iliyokuwa mezani, kaskazini kwa kaskazini. Ukiacha modeli ielekee kwingine, mtu anatumia nguvu zake zote kugeuza kichwa na hakusikii tena.

Tukafunga pazia, nikawasha tochi ya simu. Hapa kwetu tuko karibu sana na ikweta, upande wa kusini kidogo, kwa hivyo jua la saa sita mchana linaegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, lakini halishuki sana, linabaki juu. Nilishika tochi mbali kadiri mkono unavyofika, kwa sababu ukiisogeza karibu vivuli vinatanuka na kukudanganya. Mwanga ukaingia uani ukafika chini. Kisha nikaziba ule ua kwa kipande cha nyumba ya katikati. Nikampa mama tochi ajaribu mwenyewe. Hakuna aliyezungumza kwa kama dakika moja, na hilo ndilo jambo la mwisho nitakalokushauri kuhusu modeli: mtu akiwa anatazama, funga mdomo.

Sasa, kuongea. Kosa ninalolisikia sana ni mtu kusimulia historia ya mawazo yake: nilianza na duara, nikasoma kuhusu ndege, halafu nikabadilisha. Mteja hajengi safari yako. Kosa la pili ni kusoma kilichoandikwa. Ukisema "hapa ni jiko" wakati pameandikwa jiko, umepoteza pumzi. Rafiki yangu alifungua kwa sentensi mbili tu: "Mama, ploti yako imebanwa pande mbili. Napendekeza tuache ua katikati ili kila nyumba ipate mwanga, na hilo litakugharimu nyumba tatu."

Umesikia hiyo sehemu ya mwisho? Hasara ilitajwa na yeye, mwanzoni, kabla ya mtu yeyote kuuliza. Akaiweka kwa shilingi pia. Chukulia kodi ni 15,000, nyumba tatu ni 45,000 kwa mwezi. Hakuificha wala kuipunguza. Halafu akauliza: je, hizo tatu za giza zingekodishwa kwa 15,000, na mpangaji angekaa muda gani kabla ya kuhama? Mama aliyekaa mitaa ya kukodisha miaka 20 anajua jibu kuliko sisi. Hasara aliyoitaja mchoraji ni sehemu ya hoja. Hasara aliyoigundua mwanawe usiku ni udanganyifu, hata kama ni nyumba zile zile tatu.

Kisha akamtembeza. Kidole kwenye ramani, polepole: mpangaji ameshuka stejini jioni, ana mtungi wa gesi mkononi, anaingia getini hapa, anapita ua huu, anapanda ngazi hizi, anafika mlangoni, na dirisha la jikoni liko hapa, anaona watoto wakicheza chini. Kila neno lina mahali pake kwenye karatasi. Ukijizoeza kwa njia hii utagundua makosa kabla ya mteja. Kama mtu wako wa gesi hana pa kugeukia kwenye ngazi, utalisikia kinywani mwako. Kabla ya mkutano, mpe ramani mtu wa nyumbani ambaye hajasomea haya, umwambie aingie kwa kidole kutoka getini hadi kitandani. Akikwama, mchoro ndio umekwama.

Na kwa wale wa jopo, gawa dakika zako 10 kabla ya kusimama. Mbili za ploti na tatizo, nne za ramani na mkato, mbili za modeli, moja ya unachopoteza, moja ya picha. Ukiulizwa swali, usijibu ukiwatazama wahadhiri. Tembea hadi kwenye mchoro wenye jibu uweke kidole. Kama hakuna mchoro wenye jibu, sema hukuliangalia hilo. Watajua tu, hao wameona wengi.

Najua kuna atakayeniambia watu hununua kwa macho, na renda ndiyo inayovuta. Ni kweli ukiwa unauza nyumba ambazo tayari zimeamuliwa, kwenye bango la barabarani. Huko weka minazi yako. Pia ni tofauti kwenye mashindano ambayo majina yanafichwa na wewe hauko chumbani kuongea. Lakini hata huko picha si kila kitu. Mwaka wa 1981, Maya Lin alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 aliposhinda shindano la kubuni ukumbusho wa wanajeshi wa Marekani waliokufa vita vya Vietnam, uliojengwa Washington. Michoro iliyoshindana ilikuwa 1,421. Yake ilikuwa ya pasteli, maumbo tu, karibu haionyeshi kitu. Kilichoisaidia ni maelezo aliyoyaandika, yanayomtembeza msomaji kwenye bustani mpaka ardhi inapofunguka na kuta zenye majina zinatokea. Hakuwa chumbani, kwa hivyo aliacha mtembezaji kwenye karatasi.

Mama wa Ruiru tulimwonyesha renda mwishoni, na safari hii ilikuwa mpya: imepigwa kutoka ndani ya ua, mchana, bila gari. Aliitazama kidogo tu, kwa sababu tayari alikuwa anapajua mahali pale. Maswali yake yakawa mengine kabisa. Nguo zitaanikwa wapi? Watoto wakipiga mpira hapa, madirisha yangu je? Tangi la maji litakaa juu ya jengo gani? Kuhusu nguo, hatukuwa na jibu. Rafiki yangu akasema hivyo, akachukua penseli, wakachora kamba pamoja juu ya ramani, upande wa nyuma.

Alikubali nyumba 12. Geti bado anataka maruni.